Zege la jamvi la mita 10 kwa 7: kwa nini hesabu yako na ya fundi zimeachana kwa mita 4 za ujazo

Swali: "Habari za kazi, mkadiriaji. Najenga Chanika nyumba ya mita 10 kwa 7. Ramani inaonyesha msingi wa jamvi, unene sentimita 15, na kingo zinashuka hadi sentimita 40. Mimi nimezidisha 10 kwa 7 kwa 0.15 nikapata mita za ujazo 10.5, nikaongeza asilimia 10 ya upotevu, ikawa 11.55. Fundi wangu anasema ninunue vifaa vya mita 15 na nusu. Tunachanganya kwa mikisa hapo hapo. Je, ananiibia?"

Nzuri, ndugu yangu. Kwa namba ulizonipa, hakuibii. Yuko karibu sana na ukweli kuliko wewe, ingawa huenda hajui kukueleza amefikaje hapo. Mafundi wazoefu wengi hukadiria kwa macho na kumbukumbu ya kazi zilizopita, halafu mwenye nyumba anapouliza "imetokaje?" jibu linakuwa "ndivyo inavyokwenda." Hapo ndipo mashaka yanapoanzia. Kwa hiyo nitaipiga hesabu yote, ili uweze kuirudia wewe mwenyewe ukiwa na futikamba, kalamu na simu.

Ulichokipiga ni sehemu moja tu ya msingi wako, ile bapa ya juu. Mita 10 mara 7 ni mita za mraba 70, na 70 mara 0.15 ni 10.5. Hapo hujakosea hata kidogo. Lakini ramani yako imesema kingo zinashuka hadi sentimita 40, maana yake kuzunguka nyumba nzima kuna mfereji unaojazwa zege chini ya ile bapa. Kuta za nje zitakaa juu yake, kwa hiyo ndiyo sehemu inayobeba mzigo mkubwa, na kwenye hesabu yako haimo. Ile asilimia 10 uliyoongeza imekupa mita 1.05 tu, nayo haiwezi kuujaza mfereji huo. Asilimia ya upotevu ni ya zege linalomwagika na kubaki kwenye vyombo. Haikuwekwa kufunika sehemu ya jengo iliyosahaulika.

Tuupime basi huo mfereji. Kina cha kingo ni sentimita 40 kutoka uso wa juu wa jamvi. Sentimita 15 za juu tumeshazihesabu kwenye bapa, kwa hiyo zinabaki 25. Hukuniandikia upana wa chini, nami nitachukua sentimita 30, kwa kuwa ndio ninaokutana nao sana kwenye nyumba ndogo za tofali za inchi 6. Uangalie kwenye mkato wa ramani yako, na ukiwa tofauti ubadilishe.

Urefu wa mfereji ndipo wengi wanapojikwaa. Ukijumlisha pande nne za nje, 10 na 7 na 10 na 7, unapata mita 34. Ukitumia 34, kila kona umeihesabu mara mbili, kwa sababu upande mrefu na upande mfupi wote wanadai kile kipande cha sentimita 30 kwa 30 wanapokutana. Dawa yake ni kupima katikati ya upana wa mfereji badala ya ukingo wa nje. Kwa umbo la mstatili unatoa upana mara nne: 34 toa 1.2, inabaki 32.8. Basi 32.8 mara 0.30 mara 0.25 ni mita za ujazo 2.46. Kosa la kona kwenye nyumba yako lingekuwa chini ya moja ya kumi ya mita ya ujazo, halitoshi kugombana na mtu. Lakini mfereji ukiwa mpana na wa kina, kosa hilo nalo hukua.

Sasa kuna kitu ambacho ramani nyingi huonyesha kwa mstari mmoja mdogo wa mshazari na watu huupita bila kuuona. Upande wa ndani wa mfereji hausimami wima. Udongo wa kichanga na moramu ya kujazia hazikubali kukatwa kama keki zikabaki zimesimama, zinaporomoka. Ndiyo maana mchoraji huchora upande wa ndani ukilala kwa nyuzi 45, kutoka sakafu ya mfereji hadi usawa wa chini ya bapa. Mteremko huo nao unajazwa zege. Ukiutazama kwa ubavu ni pembetatu yenye kimo cha sentimita 25 na kitako cha sentimita 25. Eneo lake ni 0.25 mara 0.25 gawanya kwa 2, yaani 0.03125. Urefu wake kuzunguka ndani ni kama mita 30.9, kwa kuwa tuko ndani zaidi kuliko mfereji wenyewe. Zidisha, unapata mita za ujazo 0.97.

Karibu mita nzima, kwa mstari ule mmoja wa mshazari. Kama ramani yako haionyeshi mteremko na fundi anafunga mbao upande wa ndani ili usimame wima, sehemu hiyo iondoe. Lakini nenda ukaangalie kilichochimbwa. Nimeshaona ramani inayoonyesha ukuta wima wa udongo huku kiwanjani mfereji umelala kama bakuli, na zege hujaza shimo lililopo, halisomi karatasi.

Mpaka hapa tuna bapa 10.5, mfereji 2.46 na mteremko 0.97. Jumla ni mita za ujazo 13.93. Hiki ndicho kiasi halisi cha zege kwenye ramani, kabla ya kumwaga hata tone moja pembeni. Unaona tayari tumepita ile 11.55 yako kwa zaidi ya mita 2. Kama chini ya kuta za ndani ramani imeweka unene wa ziada, uupime vivyo hivyo: upana mara kina cha ziada mara urefu, ukitoa pale unapokutana na mfereji wa nje. Usihangaike kutoa nafasi ya nondo au wavu wa BRC. Wavu mwepesi kwenye jamvi lote la mita za mraba 70 unachukua nafasi ya kama lita 20 tu, chini ya toroli moja.

Kuna jambo moja ninaloomba ulifanye kabla hujanunua chochote: pima unene halisi, usiuamini ule wa kwenye karatasi. Kwenye jamvi lako, kila sentimita moja ya unene juu ya mita za mraba 70 ni mita za ujazo 0.7, yaani mifuko minne na nusu hivi ya saruji pamoja na mchanga na kokoto zake. Mbao ikijipinda kidogo ubavuni haili zege kiasi hicho, wala toroli likipinduka. Usawa wa moramu ndio unaokula zege kuliko kitu kingine chochote, na unakula kimyakimya, kwa sababu jicho haliwezi kuona sentimita moja kwenye uwanja wa mita 10.

Nilijifunza hili kwa gharama. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikadiria jamvi la mita 12 kwa 8 huko Kibaha, unene sentimita 12.5. Bapa lilikuwa mita 12 kamili, nikaweka asilimia 5, nikaagiza vifaa vya 12.6. Unene nilikuwa nimeupima kwenye kona nne tu, zote zikawa sawa. Kumbe mvua ya wiki iliyopita ilikuwa imelainisha moramu ya katikati, na vibarua waliokuwa wakibeba mawe wakaikanyaga ikashuka. Kwa wastani uwanja ulikuwa chini kwa sentimita moja na nusu. Ukizidisha kwa mita za mraba 96 ni mita za ujazo 1.44 ambazo hazikuwa kwenye karatasi yangu. Saa kumi na moja jioni saruji iliisha, na kipande cha kama mita za mraba 8 kilikuwa bado kitupu. Kilimwagwa siku ya pili, na ufa ulijitokeza baadaye kwenye mstari uleule ambapo zege la jana lilikutana na la leo. Hakuna aliyeiba. Mimi ndiye niliyepima kona nne na kuuacha uwanja.

Kupima ni hivi. Mbao za pembeni zikishafungwa na kusawazishwa kwa pima maji, vuta uzi kutoka mbao ya upande mmoja hadi ya upande wa pili, uguse ukingo wa juu wa mbao, na uukaze mpaka usilegee katikati. Uzi huo ndio uso wa jamvi lako la kesho. Shuka na futikamba kutoka kwenye uzi hadi kwenye moramu na uandike. Kwa nyumba ya mita 10 kwa 7, vuta nyuzi tatu kwa urefu na upime mara nne kwenye kila uzi, upate vipimo 12. Fanya hivyo moramu ikishashindiliwa kwa mara ya mwisho, na ikiwezekana asubuhi ya siku ya kuagiza vifaa. Ukipima kabla ya kushindilia, umepima kitu ambacho hakitakuwepo.

Tuseme umepata vipimo hivi, kwa sentimita. Uzi wa kwanza: 15, 15.5, 15, 15.5. Uzi wa katikati: 16, 17, 16.5, 16. Uzi wa tatu: 15.5, 16, 16, 15.5. Jumla yake ni 189.5, gawanya kwa 12, wastani ni 15.8. Hii ndiyo sura ninayoikuta mara nyingi: pembeni pako vizuri, katikati pameshuka. Ziada ni sentimita 0.8. Sehemu ya ndani, ukiacha kingo na mteremko, ni mita 8.9 kwa 5.9, yaani mita za mraba 52.5. Mara 0.008, unapata mita za ujazo 0.42. Ongeza kwenye 13.93, inakuwa 14.35.

Ukiona tofauti ni kubwa kuliko hapo, kwa mfano wastani wa 17, usikimbilie kununua zege zaidi. Mwambie fundi aongeze moramu, ainyunyizie maji, aishindilie tena. Tipa la moramu ni nafuu mno kuliko zege la ujazo huohuo. Na kama vipimo vimekuja pungufu, tuseme 13 au 13.5 hapa na pale, usifurahie kwamba umeokoa saruji. Hapo jamvi lako ni jembamba kuliko mhandisi alivyotaka, na inabidi moramu ikwanguliwe.

Angalia pia habari ya inchi. Fundi akisema "inchi 6" anamaanisha sentimita 15.24, na tofauti hiyo ndogo kwenye eneo lako ni kama mita 0.17. Lakini mbao inayoitwa ya inchi 6 dukani huweza kuwa pungufu ya inchi 6 ukiipima, na usawa wa jamvi unafuata mbao, haufuati jina lake. Ndiyo maana nasisitiza uzi na futikamba.

Baada ya hapo, na si kabla, ndipo asilimia ya upotevu inapoingia. Kwa kazi yenu nitakuwekea 7. Mnachanganya kwa mikisa hapo kiwanjani, zege litabebwa kwa toroli juu ya mbao, kidogo litabaki kwenye tumbo la mashine kila mzunguko, kidogo litamwagika njiani, kidogo litaingia pale mbao zilipoachana na ardhi. Kama mngechanganya kwa koleo juu ya ardhi tupu na kubeba kwa ndoo, ningeweka 10, kwa sababu tabaka la chini linashikana na udongo na halifai kuzolewa. Kama zege lingekuja na gari la zege na kumwagwa moja kwa moja, 5 ingetosha. Mtandaze ile nailoni nzito juu ya moramu kama ramani inavyotaka. Kazi yake kubwa ni kuzuia unyevu usipande, lakini pia inazuia zege la chini lisizame kwenye moramu iliyolegea, na hivyo inakulinda na sehemu ya upotevu.

Basi 14.35 mara 1.07 ni mita za ujazo 15.35. Fundi wako alisema 15.5. Tofauti kati yenu sasa ni mita 0.15. Mfuko mmoja wa saruji hutoa zege la karibu kiasi hicho, kwa hiyo mnaachana kwa mfuko mmoja tu. Mimi nisingesema neno.

Nikufikishe na kwenye mifuko, kwa sababu huko ndiko kuna asilimia nyingine ambayo watu huichanganya na ya upotevu. Saruji, mchanga na kokoto zikiwa kavu na zimelegea zina hewa nyingi katikati. Ukizichanganya na maji, mchanga unaingia kati ya kokoto, saruji inaingia kati ya mchanga, na ujazo unapungua. Ili upate mita 1 ya zege lililolowa na kushindiliwa, unahitaji kama mita 1.54 za vifaa vikavu. Hiyo asilimia 54 haipotei popote, ni hewa tu iliyotoka. Ukiagiza zege la gari usiitumie kabisa, kwa sababu unauziwa zege lililokwisha kuchanganywa. Ukinunua vifaa lazima uitumie. Nimeona mtu akiongeza 54 juu ya oda ya gari, akapata zege la kujaza na uwanja wa jirani. Nimeona na mwingine akinunua mita 15 za mchanga na kokoto kwa jumla kwa ajili ya mita 15 za zege, akaishia katikati ya nyumba.

Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, sehemu zote ni 7. Gawanya 1.54 kwa 7, unapata 0.22. Hiyo ndiyo saruji kwa kila mita ya zege, kwa ujazo. Saruji iliyolegea ina uzito wa kama kilo 1,440 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo 0.22 ni kilo 317, yaani mifuko 6.34 ya kilo 50. Mchanga ni mara mbili, 0.44, na kokoto ni 0.88. Sasa zidisha kwa 15.35: saruji mifuko 98, mchanga mita 6.75, kokoto mita 13.5. Upotevu umeshakuwa ndani ya 15.35, usiuongeze mara ya pili kwenye mifuko.

Uliza mchanganyiko wa ramani yako ni upi kabla ya kulinganisha namba hizi na za mtu mwingine. Ikiwa ni 1:2:3, saruji inapanda hadi mifuko 7.4 kwa kila mita, na jamvi hilohilo litataka mifuko 114. Watu wawili wanaweza kubishana siku nzima juu ya mifuko 16 wakati kila mmoja amepiga hesabu sahihi ya mchanganyiko wake.

Kwenye mchanga weka nafasi zaidi. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, chembe zinasukumana kwa utando wa maji, na ujazo wake unaweza kuongezeka kwa asilimia 20 au hata 30. Boksi la mchanga mbichi lina mchanga kidogo kuliko boksi la mchanga mkavu, ingawa yote mawili yamejaa. Kipindi cha mvua ningenunua mita 8 badala ya 6.75, na ningemwambia fundi aongeze kipimo cha mchanga kwenye boksi. Na lori likifika, pima bodi lake kwa ndani, urefu mara upana mara kimo cha mzigo uliosawazishwa. Neno "tripu" halina ujazo maalumu, kila tipa lina lake.

Kwa kuwa umeniuliza habari ya kuibiwa, nikupe kipimo cha siku ya kazi. Mfuko mmoja wa 1:2:4 hutoa zege la kama mita 0.158. Gawanya kwa unene wa 0.15, unapata mita za mraba 1.05. Kwa hiyo, kwenye bapa la unene wa sentimita 15, mfuko mmoja unafunika kama mita moja ya mraba. Ni kipimo rahisi kukikumbuka hata ukiwa umesimama juani. Subiri mfereji ujae kwanza, maana huko huwezi kupima kwa eneo. Wakianza bapa, weka alama kwenye mbao, kusanya mifuko mitupu pembeni, na baada ya mifuko 10 pima eneo lililosawazishwa. Kwa unene wetu wa 15.8 utegemee mita za mraba 10 hivi, pungufu kidogo kwa ajili ya kinachomwagika.

Ukikuta mifuko 10 imefunika 8 tu, chomeka nondo nyembamba yenye alama kwenye zege bichi, sehemu tatu nne, ukiwa mwangalifu usitoboe nailoni. Kama inaonyesha sentimita 18 au 19, hapo moramu ndiyo iliyoshuka, na mfuko haujaenda popote. Kama unene ni 15 na bado eneo ni dogo, hesabu maboksi ya mchanga na kokoto yanayoingia kwenye mikisa kwa kila mfuko. Huenda wanapunguza kokoto kwa sababu zege lenye kokoto chache ni jepesi kusawazisha. Na ukikuta mifuko 10 imefunika 13 au 14, usishangilie. Ama jamvi ni jembamba, ama mfuko mmoja umebebeshwa kokoto na mchanga wa mfuko mmoja na nusu, au kuna mifuko ambayo haikumiminwa kwenye mashine. Nondo itakwambia la kwanza, na kuhesabu maboksi kutakwambia la pili. Vyote vikiwa sawa, basi hesabu mifuko iliyobaki stoo.

Kipimo hikihiki kitakuonya mapema kama vifaa havitafika mwisho. Ukiona bado mita za mraba 20 na mifuko iliyobaki ni 14, usisubiri iishe ndipo uwaze. Kama duka liko karibu, agiza muda huohuo, kwa sababu kwa joto la Dar es Salaam zege lililokwisha kumwagwa halitakungoja saa nyingi. Kama duka liko mbali, mwambie fundi asimamishe mbao wima kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa ule upana wa mita 7, mstari ulionyooka, wavu upite kwenye mbao na uendelee upande wa pili. Amalizie zege kwenye mbao hiyo kwa unene kamili, mahali ambapo hakuna ukuta utakaokaa juu ya mstari wala sambamba karibu yake. Kesho mbao itolewe, uso uparuzwe na kuloweshwa kabla ya kuendelea. Wasikubali kulisambaza lililobaki likawa jembamba ili lifike mwisho, na wasiliache likiishia kwa mteremko kama ulimi, maana pale penye ncha nyembamba ndipo patakapomeguka kwanza.